Uwiano Kwanza: Kutofautisha Njia za Hewa Zilizoziba na Mapafu Yaliyosinyaa kwa Spirometri

Mikumi ni mahali ambapo sababu nyingi za maradhi ya kifua hukutana. Kaskazini, kuelekea Kilosa, yako mashamba ya mkonge na vumbi la nyuzi zake. Kusini, kuelekea Kidatu, yako mashamba ya miwa ambayo huchomwa kabla ya kuvunwa. Katika vijiji vya katikati wapo wanaochoma mkaa, na karibu kila jiko hutumia kuni au mkaa huohuo. Juu ya yote hayo upo ugonjwa wa kifua kikuu, ambao hata baada ya kupona huweza kuacha makovu yasiyofutika. Kwa hiyo mtu wa makamo anapofika kituoni akilalamika kwamba hushindwa kupanda kilima bila kusimama, historia yake pekee haitoshi kumwambia mganga ni nini kilichoharibika. Huenda njia zake za hewa zimeziba, huenda mapafu yake yamesinyaa, na huenda yote mawili yapo kwa pamoja.

Spirometri ndicho kipimo kinachoweza kuanza kuyatenganisha mambo hayo. Makala haya yanaeleza namna ya kukisoma, na hasa kosa moja linalojitokeza mara kwa mara: kuitazama tarakimu ya hewa yote aliyopuliza mgonjwa, kuikuta ndogo, kisha kuandika kwamba mapafu yamesinyaa. Tarakimu hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana, na huweza kuwa ndogo kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na kusinyaa kwa mapafu.

Tuanze na kinachopimwa. Mgonjwa huvuta hewa mpaka kifua kijae kabisa, huufunga mdomo vizuri kuzunguka bomba, kisha hupuliza kwa nguvu zote na kuendelea kupuliza mpaka asibakiwe na hewa ya kutoa. Mashine hupima mambo mawili makubwa. La kwanza ni jumla ya hewa iliyotoka, nayo huandikwa kwenye kioo kama FVC. La pili ni kiasi cha hewa kilichotoka katika sekunde ya kwanza tu, nacho huandikwa FEV1. Ukigawanya cha pili kwa cha kwanza unapata uwiano, unaoandikwa FEV1/FVC. Tarakimu nyingine zinazojaa kwenye karatasi zina kazi yake, lakini kwa swali letu la leo hizo tatu zinatosha.

Fikiria vibuyu viwili vilivyojaa maji. Cha kwanza ni kikubwa, ila shingo yake ni nyembamba. Ukikipindua, maji mengi yatatoka mwishowe, lakini yatachukua muda mrefu. Hiyo ndiyo sura ya kuziba: hewa ipo, njia ni finyu, na kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza ni sehemu ndogo ya jumla. Uwiano hushuka. Kibuyu cha pili ni kidogo lakini shingo yake ni pana. Maji yake ni machache, nayo yote hutoka mara moja. Hiyo ndiyo sura ya kusinyaa: FVC ni ndogo, FEV1 nayo ni ndogo, lakini kwa kuwa zimepungua pamoja, uwiano hubaki wa kawaida au hata hupanda.

Daktari Mwingereza John Hutchinson alipokitangaza chombo chake cha kupimia pumzi mwaka 1846, baada ya kupima watu zaidi ya 2,000, alikuwa na nusu ya kwanza tu ya hesabu hii. Chombo chake kilipima jumla ya hewa, basi. Kipimo cha hewa ya sekunde ya kwanza kilikuja karibu miaka mia moja baadaye, na hapo ndipo kibuyu cha shingo nyembamba kilipoweza kutofautishwa na kibuyu kidogo. Ninalitaja jambo hili kwa sababu wengi wetu, tukiwa na mashine za kisasa mkononi, bado tunasoma kama Hutchinson: jicho linakimbilia jumla na kuusahau muda.

Sasa tumchukue mgonjwa mmoja wa mfano. Si mtu halisi; nimemkusanya kutokana na sura zinazofahamika kwa yeyote anayehudumia wagonjwa wa kifua katika ukanda huu. Ni mwanamume wa miaka 54, urefu sentimita 168, amechoma mkaa kwa miaka zaidi ya ishirini, na aliwahi kutibiwa kifua kikuu akamaliza dozi ya miezi sita. Sasa ana kikohozi cha makohozi meupe kila asubuhi, na pumzi humwishia akibeba ndoo ya maji. Makohozi yake yamepimwa upya na hayana vimelea vya kifua kikuu. Hatua hiyo haipaswi kurukwa, kwa kuwa kipimo hiki humfanya mtu akohoe kwa nguvu ndani ya chumba, na mwenye kifua kikuu kinachoambukiza hapaswi kupulizishwa humo. Picha ya eksirei inaonyesha makovu ya zamani katika sehemu ya juu ya pafu la kulia.

Karatasi yake ya kwanza inasoma hivi. FVC ni lita 2.10. Mashine inaeleza kwamba mtu wa umri, jinsia na urefu wake hutarajiwa kuwa na lita 3.70, na kwamba kikomo cha chini cha kawaida, kinachoandikwa LLN, ni lita 2.78. FEV1 ni lita 1.62, wakati kikomo chake cha chini ni 2.17. Uwiano ni 0.77, na kikomo chake cha chini ni 0.68.

Mtu akisoma haraka atasema: uwiano ni wa kawaida, FVC ipo chini ya kikomo, kwa hiyo hii ni sura ya kusinyaa. Ataitazama picha ya eksirei, aone makovu, na kila kitu kitaonekana kukubaliana. Mgonjwa ataambiwa kwamba mapafu yake yaliharibiwa na kifua kikuu na kwamba hakuna dawa ya makovu. Atarudi nyumbani bila pampu. Na akizidiwa miezi michache baadaye, huenda mtu mwingine akamwanzishia tena dawa za kifua kikuu kwa kuyaona makovu yaleyale.

Kabla ya kuandika lolote ilipasa kuutazama mchoro. Mashine huchora michoro miwili. Mmoja huonyesha kasi ya hewa dhidi ya ujazo wake, na mwingine huonyesha ujazo dhidi ya muda. Huu wa pili ndio utakaotusaidia hapa. Mstari wake hupanda kwa ghafla mwanzoni, kisha hupinda polepole, na mgonjwa anapokaribia kuishiwa hewa hulala karibu sambamba na sakafu. Katika mchoro wa mgonjwa wetu mstari haukulala. Ulikuwa bado unapanda ulipokatika kwenye sekunde ya 2. Yaani mgonjwa aliacha kupuliza akiwa bado na hewa kifuani.

Tazama athari ya jambo hilo dogo. FEV1 haikuguswa, kwa sababu sekunde ya kwanza ilikuwa imekwisha kupita. FVC ndiyo iliyokatwa. Kigawanyo kilipopungua, uwiano ulipanda kwa uongo. Njia za hewa zilizoziba zimejificha nyuma ya pumzi iliyokatishwa, na karatasi imetuletea kusinyaa ambako hakupo. Kwa bahati mbaya, anayekatisha pumzi mapema mara nyingi ni yuleyule mwenye njia zilizoziba, kwa kuwa kwake hewa hutoka polepole, kifua humbana, na husikia kama amemaliza wakati bado.

Tiba ya kosa hili ni sauti ya mpimaji. Mgonjwa aketi wima, miguu sakafuni, pua ikiwa imebanwa. Mpimaji amwonyeshe kwanza kwa kupuliza yeye mwenyewe kwenye bomba lake, kisha aseme kwa sauti ya kumsukuma: “Vuta, baba, vuta, jaza kifua… sasa puliza kwa nguvu! Endelea, endelea, bado ipo, endelea, usivute, maliza yote…” Neno “endelea” lisikome mpaka mstari ulale. Kwa mtu mwenye afya unaweza kulala ndani ya sekunde 3 au 4; kwa mwenye njia zilizoziba unaweza kuchukua sekunde 10 na zaidi. Mwongozo wa mwaka 2019 wa vyama vya tiba ya mapafu vya Marekani na Ulaya unahesabu kwamba mgonjwa amemaliza iwapo ujazo haukuongezeka zaidi ya mililita 25 katika sekunde moja ya mwisho, au iwapo amepuliza kwa sekunde 15. Wale tuliofundishwa kwamba sekunde 6 ndiyo sheria tunapaswa kuiacha kanuni hiyo na kuutazama mstari.

Mgonjwa wetu alipumzishwa, akaelekezwa upya, akapuliza tena. Safari hii mstari ulilala kwenye sekunde ya 9. FVC ilikuwa lita 2.86, FEV1 lita 1.64, na uwiano 0.57. Linganisha na karatasi ya kwanza. FEV1 imebadilika kwa mililita 20 tu, tofauti isiyo na maana. FVC imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu ya lita na kuvuka kikomo cha chini cha 2.78. Uwiano umeanguka chini sana ya 0.68. Kusinyaa kumetoweka, kuziba kumedhihirika, na hakuna kilichobadilika katika mapafu ya mtu huyu isipokuwa sekunde saba za kupuliza.

Pumzi moja nzuri haitoshi. Zinahitajika angalau tatu zinazokubalika, na kati ya hizo mbili zilizo bora zisitofautiane kwa zaidi ya lita 0.15, kwa FVC na kwa FEV1 vilevile. Kwa mtu mzima unaweza kujaribu hadi mara 8 hivi; zaidi ya hapo uchovu huharibu matokeo kuliko kuyaboresha. Ulinganifu huu hutukinga na udanganyifu wa pili, ambao mchoro wa muda hauwezi kuufichua: mgonjwa asiyejaza kifua kabla ya kupuliza. Huyu hupuliza vizuri mpaka mwisho na mstari wake hulala, lakini alianza na kibuyu kilichojaa nusu. FVC na FEV1 hushuka pamoja, uwiano hubaki wa kawaida, na sura inayotokea ni ile ile ya kusinyaa. Dalili yake ni kwamba pumzi zake hazifanani: moja lita 2.0, nyingine 2.4, nyingine 1.8. Mapafu yaliyosinyaa kweli hurudia ujazo uleule kila mara, maana hayana hewa nyingine ya kutoa. Tarakimu zikicheza namna hiyo, tatizo ni la juhudi au la maelekezo, na karatasi haifai kutafsiriwa.

Mashine nayo ikaguliwe kila siku ya kazi. Bomba la sindano la lita 3 likisukumwa ndani yake, usomaji uwe kati ya lita 2.91 na 3.09. Ikiwa haukuangukia hapo, na hakuna mvujo kwenye viungio, siku hiyo usipime mtu.

Baada ya kuthibitisha kwamba pumzi ni halali, usomaji wenyewe ni mfupi. Uulize uwiano kwanza: je, upo chini ya kikomo? Ukiwa chini, kuna kuziba, na FEV1 itakusaidia kukadiria ukali wake. Mgonjwa wetu ana FEV1 ya 1.64 kati ya 2.95 iliyotarajiwa, yaani asilimia 56. Ukiwa uwiano haupo chini, ndipo uitazame FVC. Ikiwa ni ya kawaida, spirometri hii haina kasoro. Ikiwa ni ndogo, mapafu huenda yamesinyaa. Nimesema “huenda” kwa makusudi.

Spirometri hupima hewa inayotoka. Haiwezi kupima hewa inayobaki kifuani baada ya mtu kupuliza yote awezayo, na sisi sote hubakiwa nayo. Ili kusema kwa hakika kwamba mapafu yamesinyaa ni lazima kujua ujazo wote, pamoja na hiyo inayobaki, na kazi hiyo hufanywa na mashine kubwa zaidi ambazo ni nadra kupatikana nje ya hospitali kubwa. Kwa sababu hiyo, neno la haki la kuandika kwenye fomu ya ngazi ya wilaya ni “sura inayoashiria kusinyaa”, si “ugonjwa wa kusinyaa”. Katika utafiti na katika kliniki imeonekana mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya wenye FVC ndogo na uwiano wa kawaida hukutwa na ujazo wa mapafu usio na kasoro wanapopimwa kikamilifu. Kinyume chake kina nguvu zaidi: FVC ikiwa ya kawaida, uwezekano wa mapafu kusinyaa ni mdogo sana. Kwa hiyo kipimo hiki ni hodari wa kuondoa shaka ya kusinyaa kuliko kuithibitisha.

Mgonjwa wa pili wa mfano atatuonyesha sura hiyo inapokuwa ya kweli. Ni mwanamke wa miaka 41, sentimita 158, naye alitibiwa kifua kikuu zamani. FVC yake ni lita 1.68, wakati kikomo cha chini ni 2.35. FEV1 ni 1.43, na uwiano 0.85, ambao ni wa kawaida kabisa. Mstari wake ulilala kwenye sekunde ya 3 na ukabaki umelala. Pumzi zake tatu zilikuwa 1.68, 1.65 na 1.61. Hakuna juhudi pungufu hapa. Picha ya eksirei inaonyesha pafu la kushoto limekunjamana na koromeo la hewa limevutwa upande huo. Hapa karatasi, mchoro na picha vinasema jambo moja, na mganga anaweza kuandika maoni yake bila kusitasita sana.

Pale ambapo picha haina makovu ya namna hiyo, tafuta sababu nyingine zinazokizuia kifua kutanuka: maji yaliyojaa kuzunguka pafu, moyo ulioshindwa kusukuma damu, unene uliokithiri, misuli dhaifu ya kupumulia, au kibiongo. Kuhusu kibiongo nina angalizo. Thamani inayotarajiwa hukokotolewa kutokana na urefu, na mtu aliyepinda mgongo huonekana mfupi kuliko mifupa yake ilivyo. Ukimpima kimo, mashine itamtarajia awe na mapafu madogo, na upungufu wake utafichika. Mnyooshee mikono pande zote mbili, upime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mwingine, na uingize kipimo hicho badala ya kimo.

Ipo pia hali ya tatu, ambayo katika eneo lenye kifua kikuu na moshi si ngeni: uwiano upo chini na FVC nayo ipo chini. Wengi huandika mara moja “mchanganyiko”. Mimi hushauri subira. Njia za hewa zikiziba sana, hewa hunaswa kifuani na kushindwa kutoka hata mgonjwa akipuliza kwa dakika nzima, na FVC hushuka ingawa pafu lenyewe limevimba badala ya kusinyaa. Mpe dawa ya kutanua njia za hewa na upime tena. FVC ikipanda vizuri, kilichokuwapo ni hewa iliyonaswa. Isipopanda, na picha ikaonyesha makovu mapana, basi mchanganyiko ni dhana ya kweli. Tafiti za kimataifa zilizolinganisha watu waliowahi kuugua kifua kikuu na wasiowahi zimekuta kwamba ugonjwa huo unahusiana na sura zote mbili, ya kuziba na ya kusinyaa. Makovu kwenye picha, basi, hayatabiri ni sura ipi utakayoikuta. Wagonjwa wetu wawili wana historia ileile na sura mbili tofauti.

Kipimo cha dawa hufanyika hivi: salbutamoli mikrogramu 400, yaani mibonyezo 4 ya pampu ya kawaida, mmoja baada ya mwingine kupitia chupa ya kuvutia, kisha subiri angalau dakika 15 na upime upya. Mgonjwa asiwe ametumia pampu hiyo kwa saa 4 hadi 6 kabla. Kwa mwongozo wa sasa, tunasema njia zimefunguka kwa kiasi cha maana ikiwa FEV1 au FVC imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10 ya thamani iliyotarajiwa kwa mtu huyo. Mgonjwa wetu wa kwanza alitoka 1.64 hadi 1.78, nyongeza ya lita 0.14, ukiigawa kwa 2.95 unapata asilimia 5 pungufu kidogo. FVC ilifika 2.95 na uwiano ukawa 0.60, bado chini. Kuziba kwake hakufunguki, jambo linaloelekea zaidi kwenye ugonjwa sugu wa njia za hewa kuliko pumu, ingawa kipimo kimoja hakiifuti pumu. Hata hivyo, kutofunguka siku ya kipimo si sababu ya kumnyima pampu. Wapo wanaopata nafuu ya kupumua bila tarakimu kuonyesha.

Limebaki suala la vikomo, ambalo wenzangu huniuliza mara nyingi. Wapo wanaotumia 0.70 kama mpaka wa uwiano kwa watu wote. Ni rahisi kukumbuka, lakini uwiano hushuka kwa umri hata kwa mwenye afya. Mzee wa miaka 75 mwenye 0.68 anaweza kuwa hana ugonjwa, na kijana wa miaka 25 mwenye 0.72 anaweza kuwa nao. Mashine yako ikionyesha LLN, ifuate. Ikionyesha z-score, mpaka ni -1.645, chini ya hapo huangukia mtu 1 tu kati ya 20 wenye afya.

Kwa FVC suala ni zito zaidi, kwa sababu thamani inayotarajiwa hutegemea ni watu gani waliopimwa wakati milinganyo ilipotungwa. Kwa miongo mingi mashine zilichukua tarakimu za Wazungu na kuzipunguza kwa asilimia kadhaa kwa kila mtu mweusi, kana kwamba upungufu huo ni wa maumbile na si wa lishe, moshi na maradhi ya utotoni. Milinganyo iliyotungwa kutokana na watu wazima wenye afya wa hapa Tanzania ilichapishwa mwaka 2011, lakini mashine nyingi hazikuwekewa. Milinganyo ya kimataifa ya mwaka 2012 iliendelea kuyagawa mataifa kwa makundi. Ile iliyotolewa mwaka 2022 haimwulizi mgonjwa rangi yake. Ukibadilisha milinganyo kwenye mashine, FVC ya mtu yuleyule inaweza kuhama kutoka ya kawaida hadi pungufu bila yeye kupuliza tena. Uwiano wake, kwa kuwa ni sehemu ya hewa yake mwenyewe ikigawanywa kwa hewa yake mwenyewe, hausogei sana. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na uwiano, na ni sababu ya kumtaka mpimaji aandike jina la milinganyo iliyotumika.

Wewe uliye mgonjwa, unayo sehemu yako katika usahihi wa kipimo hiki. Sema iwapo karibuni umetema damu, umepata shambulio la moyo, au umefanyiwa upasuaji wa jicho, kifua au tumbo, kwani kupuliza kwa nguvu kunaweza kukudhuru na kipimo kikaahirishwa. Usile ukashiba sana, usivute sigara saa moja kabla, na legeza mkanda au kanga iliyokubana. Ukisikia kizunguzungu, mwambie mpimaji. Utapumzishwa, na si vibaya. Na ukiambiwa “endelea” wakati wewe unahisi umekwisha, endelea.

Unapompeleka mgonjwa rufaa, kuandika tu “spirometri: kusinyaa” hakumsaidii anayempokea. Ambatisha karatasi yenye michoro yote miwili, tarakimu kabla na baada ya dawa, idadi ya pumzi zilizokubalika, sekunde ambapo mstari ulilala, urefu ulioingizwa na namna ulivyopimwa. Kama mstari haukulala, andika hivyo waziwazi, na usitoe tafsiri; anayempokea atampulizisha upya.